Ukitaka kuijua sentensi, ikanushe

Haya jamani, shikamooni wakubwa, vijana mambo. Wale wa mlangoni sogeeni huku mbele maana feni iko upande huu na sauti yangu leo imekauka.

Leo nina jambo moja tu. Utajuaje kama ulichoandika ni sentensi kamili, yaani ina kiima na ina kitenzi kilichobeba nafsi na wakati kinachoweza kusimama chenyewe? Wengi tulifundishwa tafuta mtenda, tafuta tendo, basi. Sio mbaya ila inaangusha watu.

Msimu uliopita wa korosho nilikuta tangazo kwenye ghala moja, sitaji wapi, limeandikwa "Wakulima wote walioleta korosho kabla ya Jumatano saa nne asubuhi." Nukta, limeisha. Kuna bibi mmoja hasomi vizuri akaniomba nimsomee, nikasoma, akaniuliza mwanangu, sasa hao walioleta wamefanyaje? Walipwe? Wakachukue magunia yao? Nikakosa la kumjibu, na yule bibi alikuwa ametoka mbali na mguu unamuuma. Iliniuma sana, kwa sababu mtenda yupo hapo, kuleta kupo, hata -li- ya wakati uliopita ipo, na bado sentensi hamna.

Sasa testi ninayoitumia mimi ni kukanusha. Chukua kitenzi ukikanushe uone kinakubali nini. Kitenzi kinachojitegemea kikitaja jambo kinachukua ha- mbele, au si- kama ni mimi. Tumefika, hatujafika. Korosho zimeuzwa, hazijauzwa. Nalima, silimi. Ile hu- nayo inaingia humo humo, wakulima huvuna, wakulima hawavuni, na hapo mnaona nafsi iliyokuwa imejificha imetokea. Hata "ni" inageuka "si", ingawa haina njeo, yaani alama ya wakati, hiyo tunaipokea kama ilivyo.

Rudi kwenye tangazo letu. Walioleta ukikanusha unapata wasioleta, huwezi kusema "hawalioleta", ulimi wenyewe unakataa. Ile -o- ya urejeshi imekifunga kitenzi kwa wakulima, kazi yake ni kutuambia wakulima wepi, kwa hiyo hicho ni kiima kirefu kinachosubiri kitenzi chake. Ongeza "watalipwa kesho" na yule bibi anakwenda zake na jibu. Neno "akija" nalo hivyo hivyo, linakuwa asipokuja, mtu anabaki anakutazama akisubiri umalizie.

Ila angalieni amba-, hii ndio inadanganya wengi. "Korosho ambazo zimeletwa" ukikanusha utapata hazijaletwa, ha- imeingia vizuri kabisa na bado sio sentensi! Kwa hiyo ukiona amba- funika kwa kidole kuanzia hapo mpaka kipande chake kiishe, halafu pima kilichobaki. Kama limebaki neno korosho peke yake, bado hujaandika kitu.

Ku- ndio naipenda zaidi. "Kuvuna korosho mapema" inakanushwa kwa kutovuna, haichukui ha-, kwa hiyo hiyo ni jina, haina nafsi wala wakati. Lakini "kuvuna kumeanza" inakuwa kuvuna hakujaanza, ku- ya kwanza ni ya jina na ku- ya pili ni kipatanishi kinachokuonyesha kiima. Na "sokoni kumejaa watu" je? Dada pale nyuma umesema kiima ni watu, wengi husema hivyo, lakini ingekuwa watu tungesema wamejaa. Kitenzi kimepatana na sokoni, mahali ndio kiima. Hakujajaa, unaona ku- bado iko palepale? "Mikindani kuna majengo ya zamani", ukikanusha kuna inakuwa hakuna, ni ku- ileile.

Kwa hiyo msitafute kiima kwa kuangalia nomino ipi imekaa mbele, angalieni kitenzi kimepatana na nini. Ndio maana "tumefika" neno moja tu ni sentensi nzima, tu- imeshatutaja.

Amri haraka haraka. Njoo haina kiima cha kuonekana, lakini ikanushe, usije, yule u- katoka mafichoni. Njooni, msije. Tuanze, tusianze. Hapa inakuja -si- sio ha-, kwa hiyo ukiona -si- jiulize swali moja zaidi, je aliyeambiwa anaweza kutenda sasa hivi bila kusubiri maneno mengine? Tuanze, ndiyo anaweza. Walioleta, hawezi.

Toeni daftari. Ya kwanza, "Ngalawa zilizorudi alfajiri zikiwa na pweza." Ya pili, "Bandarini pametulia." Ya tatu, "Kupika samaki kwa nazi ambayo imekunwa leo." Kanusheni kila moja, dakika tano, halafu kaka wa dirishani ataanza.