Asanteni Wateja Wangu: Maneno ya Video ya Kufunga Mwaka, Duka la Mama Neema, Kirumba

(Simu ishikwe wima. Tupige asubuhi mapema, maana ikifika saa nne bati la jirani linamulika hadi uso hauonekani. Neema ndiye anapiga picha. Kelele za barabarani zibaki, ila vijana wa bodaboda waombwe wazime muziki kidogo.)

PICHA YA 1. Mama Neema yuko nyuma ya nondo za dirisha la duka, mizani ikiwa kando yake. Anafungua mlango, anatoka, anasimama nje.

MAMA NEEMA: Shikamooni wazee wangu. Na nyie wengine, hamjambo? Mimi Mama Neema, wa hapa Kirumba, njia ya kushukia Mwaloni. Wengi mnanijua mikono tu, uso mnausikia ukiuliza "ya shilingi ngapi?" Basi leo nimetoka nje mnione. Mwaka unaisha. Nimeona kuweka picha ya maua na kuandika "tunawathamini wateja wetu" haitoshi. Nitawashukuru mmoja mmoja. Majina sitaji, lakini kila mtu atajijua.

PICHA YA 2. Mkono wa Mama Neema juu ya daftari kubwa, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi.

MAMA NEEMA: Hili mnalifahamu. Msiogope, Neema hasogezi simu karibu.

Mtu asiyejua kazi za ziwani akilifungua daftari hili atasema huyu mama atafilisika kesho. Kuna siku madeni yanajaa ukurasa mzima, halafu siku chache mbele ukurasa wote umekatwa kwa kalamu nyekundu. Ni mambo ya mwezi hayo. Dagaa anafuata taa, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haimvuti mtu. Kaka zangu mnakaa nchi kavu, mnashona nyavu, na watoto nyumbani wanakula kama kawaida. Ndipo naanza kusikia: "Mama, andika sembe kilo mbili. Andika sukari robo. Mafuta ya kupima, na sabuni nusu mche. Giza likiingia nakuja."

Na giza likiingia mnakuja kweli. Mnakuja asubuhi, hata kulala hamjalala, vimagamba vinang'aa mikononi, mnasema, "Mama, soma deni." Noti zenyewe zimelowa, zinanuka dagaa. Mimi nazitandaza kwenye trei nyuma ya duka zikauke, na nikienda kwa wakala kuweka hela ananitazama kwanza, kisha anacheka.

Jamani, deni la chakula ni rahisi kulikwepa. Unapita njia ya nyuma, unanunua duka lingine, na maduka mtaa huu yamejaa. Nyie mmepita mbele ya dirisha langu mkiwa na hela na mkiwa hamna, na mmesalimia mara zote. Kile kibao changu cha "Leo taslimu, kesho mkopo" kimebaki kuwa pambo la ukuta, na mnakijua hivyo. Wabeja sana.

PICHA YA 3. Wanawake wanaanika dagaa kwenye chanja. (Tuombe ruhusa kwanza. Asiyetaka kuonekana apigwe kwa mgongo.)

MAMA NEEMA (sauti tu): Dada zangu wa kuanika, nyie nawapa pole kabla ya asante. Mvua za vuli hazina huruma. Umeanika tangu alfajiri, unageuza, wingu linatokea upande wa ziwani, na ndani ya nusu saa mzigo wote umelowa. Dagaa aliyelowa anauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, kila mtu hapa anajua. Kuna mmoja wenu alikuja siku ya namna hiyo na beseni, akaniambia, "Mama Neema, hela sina, nikupimie hawa wazima waliobaki tufute deni." Nikakubali. Tulikula dagaa wiki nzima, Neema shahidi.

NEEMA (nyuma ya simu): Wiki mbili, mama.

MAMA NEEMA: Haya, wiki mbili. Wa nyanya, wa karanga, wa kukaanga. Mpaka paka akawa anachagua.

PICHA YA 4. Mama Neema tena, ameketi kwenye kreti la soda mbele ya duka.

MAMA NEEMA: Wateja wangu wa visiwani, wa Ukerewe na kule kwingine mnakoagiza kwa simu: mnatuma hela kabla hamjauona mzigo, mimi naupakia kwenye mtumbwi pale Mwaloni na kumkabidhi nahodha. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Mnaniamini tu, na hilo nalijua usiku nikisikia upepo unavuma, silali vizuri mpaka mtu apige simu kwamba mzigo umefika.

Wa Sengerema nanyi nawaona. Zamani mlikuwa mnanunua mmesimama, jicho kwenye saa, mnawahi kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mnapita juu ya maji kilomita tatu kwa dakika chache, na sasa mnakaa, mnapiga stori, mnakunywa soda mbili. Mimi sina neno. Leteni chupa tu.

(Anacheka. Mtoto anafika na kikapu.)

MTOTO: Shikamoo, mama. Nimetumwa chumvi na kiberiti.

MAMA NEEMA: Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo. (Kwa kamera.) Na hawa je? Hawa ndio wanaonizungusha kutwa. Anatumwa mafuta, akifika kwao anakumbuka hakuambiwa ya kiasi gani, anarudi. Asanteni wanangu, na asanteni mnaokuja na vikapu vyenu. Mkirudishiwa pipi mbili badala ya sarafu hamnuni. Wazazi wenu ndio wananuna. Wazazi, nisameheni, chenji mtaa huu ni shida, wenyewe mnaona.

PICHA YA 5. Kalenda mpya ukutani. Neema asogee karibu, tarehe zionekane vizuri.

MAMA NEEMA: Zawadi yenu hii hapa. Ni kalenda. Najua mtasema kalenda kila duka linatoa. Hii nimeichora mwenyewe kwa kalamu: duara jeusi ni siku za giza, duara tupu ni mwezi mpevu. Mke wa mvuvi akiiangalia anajua lini abane matumizi na lini anunue sare za shule. Ni moja kwa kila nyumba, na hata mwenye deni anapewa. Mwenye deni ndiye anaihitaji zaidi!

Sikukuu duka litakuwa hivi. Krismasi nafungua saa saba mchana, nikitoka kanisani, mpaka saa moja jioni. Tarehe 31 nipo hadi saa nne usiku, kwa wale wanaokumbuka bizari wakati pilau liko jikoni. Mwaka mpya napumzika, siku moja tu.

Ukiwa na mgonjwa usiku, unataka panadol au maji ya chupa, gonga mlango wa nyuma, nitaamka. Vocha subiri kukuche.

(Anamgeukia mtoto.) Chumvi na kiberiti, siyo? Na hela uliyopewa iko wapi?

MAANDISHI YA MWISHO KWENYE VIDEO: Duka la Mama Neema, Kirumba. Kheri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kalenda zinatolewa dukani kuanzia kesho asubuhi.