Ratiba ya Bibi: mazoezi ya kitini, siku 3 kwa wiki

Ratiba hii ni ya Bibi wa miaka 76, wa Mji wa Kale. Ana presha na sukari, goti la kulia humuuma, na hutembea kwa bakora kutoka chumbani hadi chooni na barazani tu. Anachotaka ni kimoja: aendelee kwenda chooni mwenyewe bila kuita mtu. Mjukuu awe karibu kila anapofanya, angalau mwezi wa kwanza.

Siku ni Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, baada ya sala ya alasiri, joto likishapungua. Dakika 25 zinatosha. Msiunganishe siku mbili: misuli hupata nguvu inapopumzika.

Kiti kwanza

Bibi, tumia kiti cha mbao cha mezani, kile chenye mikono. Kiti cha plastiki hakifai: miguu yake hutanuka mtu akisukuma kwa nguvu, na juu ya vigae huteleza. Kochi nalo ni la chini, linakumeza. Pima kwa utepe wa cherehani kutoka sakafuni hadi pa kukalia: sentimita 45 hivi. Miguu ya nyuma ya kiti iguse ukuta, na mkeka uondolewe. Vaa viatu vyenye mkanda kisiginoni. Champali ni hatari hapa. Dera lipandishwe na kufungwa kwa leso kiunoni, usije ukalikanyaga unapoinuka.

Usianze na njaa. Dawa ya sukari na misuli inayofanya kazi vyote hushusha sukari. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, acha mara moja: mjukuu akoroge vijiko 4 vidogo vya sukari kwenye maji, unywe. Kifua kikiuma au kikibana, au pumzi ikikatika, hapo ni hospitali, si kungoja.

Kupasha mwili, dakika 4

Ukiwa umekaa, nyanyua magoti kwa zamu kama unayepanda ngazi, mara 20. Zungusha mabega nyuma mara 10. Zungusha vifundo vya miguu, kila mguu mara 10.

Kuinuka na kukaa

Hili ndilo zoezi lenyewe. Mengine yote ni wasaidizi wake. Anayeweza kuinuka kitini peke yake huweza kuinuka kitandani na chooni, na hata kushuka tuktuk.

Sogea mbele mpaka ukalie nusu ya kiti. Rudisha nyayo nyuma kidogo, visigino viwe nyuma ya magoti, miguu ipanuke sawa na nyonga. Shika mikono ya kiti. Inama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma sakafu kwa miguu yote miwili, uinuke. Simama wima, hesabu 2. Sasa rudi chini polepole kwa hesabu ya 4: makalio nyuma, kifua mbele. Hesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuziba pumzi, na kuziba pumzi ndiko kunakopandisha presha ghafla.

Wiki ya 1 na ya 2: mara 5, pumzika dakika 2, kisha mara 5 tena.

Makosa ni yaleyale kila nyumba. Nyayo zikiwa mbele mno, utainuka nusu na kuanguka nyuma kitini, zirudishe. Usipoinama vya kutosha, mikono itafanya kazi ya mapaja. Magoti yakiingia ndani, nyonga ni dhaifu: yaelekeze kwenye kidole cha pili cha mguu. Na kujitupa kitini kama gunia ni kuacha nusu ya zoezi, maana kushuka polepole kunajenga misuli kama kuinuka, tena ndiko kunakokuokoa ukipepesuka.

Ikiwa mara 5 hazifiki, usilazimishe. Kunja blanketi nzito liwe na unene wa sentimita 8 hadi 10, liweke kitini na ulikalie. Kiti kikipanda, kazi hupungua, na goti la kulia litashukuru. Mto wa sponji haufai, unazama.

Mjukuu: simama ubavuni, upande wa kulia, kiganja nyuma ya nyonga yake. Usimvute mkono. Bega la mzee huteguka upesi, na anayevutwa hajifunzi kuinuka.

Miguu, ukiwa umekaa

Egemea nyuma. Nyoosha mguu mmoja mpaka goti likaze, vidole vikutazame, hesabu 5, ushushe kwa hesabu 3. Mara 8 kila mguu, seti 2. Goti la kulia likilia, nyoosha mpaka pale lisipouma tu.

Kisha nyanyua visigino mara 15, halafu vidole mara 15. Watu hudharau hili la vidole, na vidole visivyonyanyuka ndivyo vinavyonasa kwenye kizingiti na kwenye ncha ya mkeka.

Mwisho, funga leso kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti. Sukuma magoti nje kana kwamba unataka kuichana, shikilia hesabu 5, legeza. Mara 10. Leso haivutiki, na hiyo ndiyo faida yake.

Mikono

Kandamiza mikono ya kiti mpaka makalio yawe mepesi. Si lazima yanyanyuke. Mara 6, seti 2. Ruka hili kiganja au bega likiuma. Kisha chukua chupa 2 za maji za nusu lita, sawa na nusu kilo kila moja, uzikunje kuelekea mabegani mara 10, seti 2. Ukizoea, lita moja; hapo birika la chai halitakushinda.

Ukimaliza, kaa dakika 3, kunywa maji. Kabla ya kuondoka, simama ukishika kiti na uhesabu 10: dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama. Mjukuu atazame nyayo na vifundo kama kuna mchubuko, kwa sababu ya sukari.

Lini kuongeza

Seti ya mwisho ikiisha nawe unahisi ungeweza mara 3 zaidi, siku mbili za mazoezi zinazofuatana, ongeza. Kwenye kuinuka: kutoka 5 hadi 8, kisha 10. Baada ya hapo shika kwa mkono mmoja, halafu vidole tu, halafu mikono kifuani. Kama ulitumia blanketi, punguza mkunjo mmoja kabla ya kuachia mikono. Badilisha kitu kimoja kwa wakati.

Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Kiungo kinachouma zaidi ya saa 2 baada ya mazoezi kinasema ulizidisha. Rudi nyuma hatua moja. Ukiugua ukakosa wiki nzima, anza na nusu. Mwezi wa Ramadhani, fanya saa moja baada ya futari, seti moja moja, na umuulize daktari kuhusu dawa mapema.

Kila wiki 4, mjukuu ashike saa ya simu: Bibi anainuka na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30? Iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na kama alishika kiti au la.

Siku zilizobaki hazina seti. Ila kila unapoinuka kwenda chooni: inuka, kaa polepole, inuka tena, ndipo uchukue bakora.