Uzamili Ujerumani: maombi tunakuandalia, uamuzi si wetu

Unataka kuanza shahada ya uzamili Ujerumani muhula wa Oktoba? Tumeanza kupokea faili. Kabla hujalipa hata shilingi, soma hadi mwisho, na kama mzazi ndiye atakayetoa ada, mtumie naye asome.

Tuanze na lisilo na mjadala. Udahili hutolewa na chuo. Viza hutolewa na ubalozi. Ofisi yetu haina mtu ndani ya chuo chochote wala ubalozini, na hatuna kifurushi cha "viza uhakika". Unachotulipia ni kazi ya kupanga maombi yako yafike kamili, kwa wakati, na kwenye kozi inayolingana na vyeti vyako. Ukikataliwa baada ya hapo, inawezekana kabisa, hata kwa faili safi.

KWANZA TUNAPIGA HESABU YA GPA

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Wajerumani hutumia alama kuanzia 1.0, ambayo ndiyo ya juu, hadi 4.0, ambayo ndiyo ya chini ya kufaulu. GPA yako hubadilishwa hivi: 5 toa GPA yako, gawa kwa 3 (yaani 5 toa 2.0, alama yetu ya chini ya kufaulu), zidisha kwa 3, ongeza 1. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5 anapata 2.5. Mwenye 3.2 anapata 2.8.

Sasa, kozi nyingi huandika kwamba zinataka 2.5 au bora zaidi. Mwenye 3.2 akiomba kozi nne za aina hiyo, amelipa ada nne za kukataliwa. Tutakwambia hivyo siku ya kwanza, kisha tutafute zisizoweka kikomo hicho, au zinazoangalia zaidi masomo uliyosoma na uzoefu wa kazi. Zikikosekana, tunakwambia pia.

Baada ya GPA tunaweka transkripti yako kando ya masharti ya kozi, somo kwa somo. Kozi ya uhandisi wa nishati inaweza kudai kiasi fulani cha hisabati na thamodinamiki. Cheti kikiwa na jina zuri lakini masomo hayo hayamo, maombi hayavuki.

VYETI NA MAJINA

Tunakagua cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, shahada, transkripti na pasipoti. Tatizo letu la kila msimu ni jina: cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti ina matatu, na herufi moja imepotea katikati. Hilo hulimalizi wiki ya mwisho. Kama inahitajika hati ya kiapo au ya kubadili jina, tunakuelekeza kwa wakili, na gharama yake haimo kwenye ada yetu.

Vyeti vyetu vikiwa kwa Kiingereza, kwa kawaida havihitaji kutafsiriwa. Skani iwe ya rangi, kurasa zote, pamoja na nyuma ya transkripti penye maelezo ya madaraja. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono hatupokei. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka 2. Yakikaribia kuisha, tuambie mapema.

Cheti cha kughushi tukikigundua, tunafunga faili hapo hapo.

KUWASILISHA

Vyuo vingi hupitisha maombi uni-assist, shirika linalovikagulia vyeti vya waombaji kutoka nje; vingine vina tovuti yao. Ada ya uni-assist ni euro 75 kwa kozi ya kwanza na euro 30 kwa kila ya ziada katika muhula uleule. Unailipa mwenyewe moja kwa moja, na hadi iwafikie, maombi hayashughulikiwi. Mwisho wa kupokea maombi kwa kozi nyingi ni tarehe 15 Julai, lakini kozi za Kiingereza zinazopokea wageni wengi mara nyingi hufunga miezi kadhaa kabla. Sisi tunataka faili iwe imewasilishwa wiki 8 kabla ya tarehe ya mwisho, ili kukiwa na karatasi iliyopungua, muda wa kuiongeza uwepo.

Kuna mtego mmoja. Baadhi ya vyuo hutaka uni-assist ikutolee kwanza hati ya tathmini iitwayo VPD. Ukiipata hujaomba bado! Lazima uipakie wewe kwenye tovuti ya chuo kabla haijafungwa.

Barua ya kueleza nia unaiandika wewe. Tunaisoma, tunaikosoa, tunairudisha hadi mara 3. Hatukuandikii, kwa sababu maswali ya ubalozini utaulizwa wewe. Barua pepe na nenosiri la maombi ni vyako. Hakuna jibu la chuo litakalopitia kwetu kwanza.

PESA, KWA UWAZI

"Ujerumani ni bure" ni nusu ya habari. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, ila kuna mchango wa kila muhula. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich hutoza uzamili euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula.

Kwa viza, njia ya kawaida ya kuthibitisha uwezo ni akaunti maalumu yenye euro 11,904 za mwaka mmoja, inayokuachia euro 992 tu kila mwezi ukishafika. Kiwango hiki hubadilika, kwa hiyo tunakihakiki kwenye ukurasa wa ubalozi siku unayotuma. Tuma na ziada kidogo: benki za katikati hukata makato yao njiani, na akaunti ikipungua hata euro 15, hupati uthibitisho. Fedha hizo hazipiti kwetu kamwe.

Ada yetu ni shilingi 450,000 kwa kozi zisizozidi 4: 200,000 tukianza, 250,000 maombi yakishawasilishwa. Tathmini ya kwanza ikionyesha hakuna kozi inayokufaa, tunakurudishia 150,000. Baada ya kuwasilisha haturudishi, hata chuo kikikataa. Na chuo kikikubali, hatudai bakshishi.

UKIPATA UDAHILI

Tunakupangia faili ya viza kwa orodha ya ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, na tunafanya nawe mazoezi ya kueleza kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, nani analipa. Miadi na muda wa kusubiri hatuwezi kuvisogeza. Jua pia kwamba tangu tarehe 1 Julai 2025 ule utaratibu wa kuandika barua ya kupinga viza iliyokataliwa umefutwa. Kinachobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani kule Ujerumani. Ndiyo maana usiache kazi wala usikate tiketi isiyorudishwa kabla viza haijabandikwa.

Kwa kuanza, tutumie ujumbe hapa ukiwa na transkripti, ukurasa wa pasipoti wenye picha na jina la fani unayoitaka. Majibu ya tathmini hutoka ndani ya siku 5 za kazi. Ofisi iko Mikocheni, Jumatatu hadi Ijumaa saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, Jumamosi hadi saa 7 mchana. Waliomaliza kidato cha sita wana njia yao tofauti. Tuandikie "F6" tukutumie maelezo yake.

#MasomoUjerumani #Uzamili #KusomaNje #DarEsSalaam