MUHTASARI WA KIKAO CHA TATU CHA KAMATI ELEKEZI YA UBIA WA KIWANDA CHA KUBANGUA KOROSHO, KILICHOFANYIKA KIWANDANI MASASI, MKOA WA MTWARA, ALHAMISI TAREHE 14 AGOSTI 2025, SAA 4:00 ASUBUHI

Waliohudhuria

Upande wa chama cha ushirika (hapa chini "Chama", mwenye hisa asilimia 45): Mwenyekiti wa Chama, Meneja wa Chama na mjumbe mmoja wa bodi. Upande wa kampuni mbia kutoka Dar es Salaam (hapa chini "Kampuni", yenye hisa asilimia 55): Mkurugenzi wa Uwekezaji, aliyeongoza kikao kwa zamu, Mkuu wa Fedha na mwanasheria wake. Waalikwa: Meneja Mkuu wa kiwanda na Mhasibu. Katibu wa Kamati aliandika muhtasari. Mjumbe wa pili wa bodi ya Chama alitoa udhuru wa msiba Newala.

1. Kufungua kikao

Akidi ilitimia. Ajenda ziliridhiwa bila mabadiliko, na muhtasari wa kikao cha pili ulithibitishwa.

2. Yatokanayo

Hesabu za robo ya pili zimewasilishwa kwa wabia wote wawili. Hakukuwa na mjadala.

3. Mambo ya ridhaa ya wabia na mambo ya menejimenti

Hii ndiyo iliyokuwa ajenda kuu, na Katibu ameiandika kwa urefu kwa sababu Jedwali la Pili la Mkataba wa Ubia, linaloorodhesha mambo yanayohitaji ridhaa ya wabia, limekuwa likisomwa kwa namna mbili tangu kiwanda kianze.

Meneja Mkuu alieleza kwamba msimu uliopita aliandika barua ya kuomba ridhaa hata kwa ukarabati wa paa la ghala, akiogopa kulaumiwa. Kwa upande mwingine, vipuri vya boila vilinunuliwa kwa ankara tatu, kila moja chini ya shilingi milioni 80, ambazo ndizo ukomo wa Meneja Mkuu kununua bila ridhaa, ilhali jumla ilikuwa milioni 190. Mwenyekiti wa Chama alisema wanachama wake walizisikia milioni hizo kwa fundi kabla ya kuziona kwenye ripoti, na hilo halikuwapendeza.

Mwanasheria wa Kampuni alikumbusha kwamba baadhi ya mambo yanalindwa na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 yenyewe. Kubadili katiba ya kampuni, kwa mfano, kunahitaji azimio maalumu la robo tatu ya kura, na hakuna mbia anayefikisha robo tatu peke yake. Lakini kuweka kiwanda rehani, kuuza kwa kampuni tanzu ya mbia au kumwondoa Mhasibu hakukingwi hivyo. Kwa mambo ya aina hiyo Jedwali la Pili ndilo kinga kuu ya mwenye hisa chache, na Kamati ilikubaliana kwamba lisomwe kwa uzito huo.

3.1 Ununuzi wa korosho ghafi

Hapa palichukua karibu nusu ya kikao. Chama kilitaka kila ununuzi unaozidi shilingi bilioni 1 upate ridhaa yake. Meneja Mkuu alijibu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mnada haungoji barua. Asubuhi naona orodha ya maghala na ubora, na siku hiyohiyo mzigo umeshapata mnunuzi." Meneja wa Chama, ambaye wakulima wake huuza kwa stakabadhi ghalani, alikiri kuwa hali ndiyo hiyo. Mjumbe wa bodi ya Chama akauliza ni nini kitakachomzuia Meneja Mkuu asipandishe bei mpaka kiwanda kifilisike. Kamati iliona swali hilo ni la haki.

Iliamuliwa kwamba wabia waridhie kwa pamoja, mara moja kabla ya msimu, mambo matatu: bei ya juu kabisa, tani zote za msimu na ubora wa chini. Kwa msimu wa 2025/2026 wabia wameridhia shilingi 3,500 kwa kilo mnadani, tani 2,000, na sampuli isiyopungua ratili 47 za kokwa kwa gunia la kilo 80. Ndani ya mipaka hiyo, kuingia mnadani, kuchagua ghala na kukodi magari ni kazi ya Meneja Mkuu, na hataulizwa na mbia yeyote kwa nini alinunua Tandahimba akaacha Nanyumbu. Akitaka kuvuka mpaka mmojawapo, hata kwa shilingi 10, anahitaji ridhaa ya maandishi ya pande zote mbili.

3.2 Mkopo wa msimu na dhamana

Kuchukua fedha za benki ndani ya bajeti iliyopitishwa, hadi shilingi bilioni 5, kwa dhamana ya korosho zilizo ghalani, ni uamuzi wa menejimenti. Kuweka ardhi, majengo au mitambo rehani ni jambo la ridhaa, bila kujali kiasi. Mkuu wa Fedha alipendekeza kiwekwe kima cha chini ili mikopo midogo isicheleweshwe, pendekezo halikupita. Ardhi ya kiwanda ililetwa na Chama kama mtaji, na deni dogo lisilolipwa linaweza kuipeleka sokoni sawasawa na deni kubwa.

Mwenyekiti wa Chama aliomba iandikwe kwamba yeye hana uwezo wa kuridhia rehani papo hapo mezani. Ukomo wa madeni wa chama cha ushirika hupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, hivyo ombi la aina hiyo lipewe siku 45.

3.3 Mauzo kwa wahusika wa mbia

Kampuni tanzu ya mbia imeomba kununua kokwa zote za daraja la W320. Mauzo ya kokwa kwa kawaida ni ya menejimenti, lakini mnunuzi akiwa na uhusiano na mbia, jambo linakuwa la ridhaa na mbia huyo hapigi kura. Wajumbe wa Kampuni walikubali bila ubishi, jambo ambalo Kamati iliwashukuru. Ombi litarudi likiwa na bei za wanunuzi wengine wawili.

3.4 Mengine yaliyopangwa

Mkataba wa kuuza maganda kwa msimu mmoja ni wa Meneja Mkuu. Ule wa miaka 5 uliopendekezwa ni wa ridhaa. Ajira za wabanguaji, mafundi na walinzi ni za menejimenti. Kuajiri au kumwondoa Meneja Mkuu na Mhasibu ni kwa ridhaa. Ununuzi unaohudumia kazi moja ndani ya miezi 12 utahesabiwa kuwa ununuzi mmoja, hata ukiwa na ankara nyingi. Kwa kipimo hicho, mashine ya kuchambua kokwa kwa rangi, shilingi milioni 240, inasubiri ridhaa.

3.5 Ukimya wa mbia

Kampuni ilitaka mbia asiyejibu ndani ya siku 14 ahesabiwe ameridhia. Chama kilikataa katakata. Iliamuliwa: ukimya si ridhaa. Siku 14 zikipita bila jibu, Katibu atawapigia viongozi wakuu wa pande zote mbili, nao watakutana ndani ya siku 7. Hatari inayotishia usalama wa watu au mali, kama boila kupasuka, Meneja Mkuu aishughulikie kwanza na atoe taarifa ndani ya saa 24.

4. Utekelezaji

Mwanasheria ataandika upya Jedwali la Pili kwa maamuzi haya ifikapo tarehe 29 Agosti 2025, kwa ajili ya saini za wabia. Mhasibu ataleta orodha ya manunuzi yote ya boila.

5. Kufunga kikao

Kikao kilifungwa saa 8:20 mchana. Kikao kijacho ni tarehe 18 Septemba 2025, ofisi za Chama.

Umesainiwa na Mwenyekiti wa Kikao na Katibu wa Kamati.