YAH: MICHANGO YA AKIBA ISIYOWASILISHWA NA ATHARI YAKE KWA OMBI LAKO LA MKOPO

Kumb. Na. MK/0417/2025
9 Oktoba 2025

Mwanachama Na. 0417

Ndugu Mwanachama,

Tafadhali rejea fomu yako ya maombi ya mkopo wa maendeleo wa shilingi 6,000,000, iliyopokelewa ofisini tarehe 22 Septemba 2025, ambayo ulieleza kuwa unakusudia kuutumia kupaua nyumba yako. Kamati ya Mikopo ilikutana tarehe 3 Oktoba na kuijadili fomu hiyo, na imeniagiza nikuandikie kwa sababu ombi lako halikukataliwa wala kukubaliwa. Limeahirishwa hadi hali ya michango yako itakapokuwa imerekebishwa kama inavyoelezwa hapa chini.

Kwa mujibu wa daftari la wanachama, mchango wako wa mwisho uliopitia makato ya mshahara ni ule wa Machi 2025. Kuanzia Aprili hatukupokea makato kwa jina lako, na mwezi Juni mwajiri wako wa awali alitujulisha kwa barua kwamba ulikuwa umeacha kazi kwake. Awali hesabu yetu ilionyesha miezi sita isiyochangiwa. Hata hivyo, mhasibu alipopitia akaunti ya fedha zisizotambulika alikuta shilingi 50,000 zilizotumwa kwa simu mwezi Julai bila namba ya uanachama, na namba ya simu iliyozituma ni ile uliyoiandikisha kwetu. Fedha hizo zimeingizwa kwenye akiba yako. Miezi iliyobaki bila mchango ni Aprili, Mei, Juni, Agosti na Septemba, yaani miezi mitano ambayo jumla yake ni shilingi 250,000. Iwapo unayo stakabadhi au ujumbe wa malipo unaoonyesha vinginevyo, tunakuomba uulete, kwa kuwa kisa hicho cha Julai kinatosha kutukumbusha kwamba kumbukumbu za ofisi nazo hukosea.

Hisa zako zimekamilika na haziguswi na suala hili. Kinachoguswa ni akiba, ambayo hadi tarehe 30 Septemba ilikuwa shilingi 1,850,000. Masharti ya Chama yanaruhusu mkopo wa maendeleo usiozidi mara tatu ya akiba ya mwombaji, kwa hiyo kikomo chako siku ulipoomba kilikuwa shilingi 5,550,000, pungufu kwa shilingi 450,000 kuliko kiasi ulichokiomba. Laiti michango hiyo mitano ingekuwa imeingia, akiba yako ingekuwa shilingi 2,100,000 na kikomo kingefika shilingi 6,300,000, na ombi lako lingetoshea ndani yake. Kila shilingi 50,000 isiyowekwa, kwa maneno mengine, imekupunguzia nafasi ya kukopa shilingi 150,000.

Upungufu huo peke yake ungetatuliwa kwa kupunguza kiasi cha mkopo, na huenda ukajiuliza kwa nini Kamati haikufanya hivyo. Sababu ni kwamba Masharti yanamtaka mwombaji awe mwanachama hai, yaani asiwe na malimbikizo ya michango na awe amechangia kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi lake kujadiliwa. Malimbikizo yanaweza kulipwa kwa siku moja, lakini mfululizo hauwezi kununuliwa kwa mkupuo. Ndiyo maana kulipa shilingi 250,000 leo kutakurejeshea kikomo lakini hakutakupa haki ya mkopo wa maendeleo papo hapo. Tunafahamu kwamba sharti hili linawaudhi wengi. Lipo kwa sababu fedha anazokopeshwa mwanachama mmoja ni michango ya kila mwezi ya wenzake, na mtu akiruhusiwa kukaa kimya kwa miezi kadhaa kisha akalipa yote siku chache kabla ya kukopa, anayechangia kila mwezi ndiye anayengoja foleni kwa niaba yake.

Kamati imezingatia kwamba mkopo wako uliopita uliumaliza Desemba 2024 bila kuchelewesha rejesho hata moja. Imezingatia pia kwamba ofisi ilichelewa kukujulisha kusimama kwa makato, jambo ambalo tunaliomba radhi. Kwa sababu hiyo, Bodi imesamehe faini ya Aprili na Mei. Faini ya miezi mitatu iliyobaki, shilingi 2,000 kwa kila mwezi, inabaki palepale, hivyo jumla unayodaiwa ni shilingi 256,000.

Ukilipa kiasi hicho chote ifikapo tarehe 31 Oktoba pamoja na mchango wa Oktoba wenyewe, kisha ukachangia Novemba na Desemba bila kukosa, ombi lako litarudishwa mezani katika kikao cha Januari 2026 bila kujaza fomu mpya. Wakati huo akiba yako itakuwa shilingi 2,250,000 na kikomo shilingi 6,750,000. Ikiwa mkupuo huo ni mzito, unaweza kulipa faini sasa na kuwasilisha shilingi 100,000 kila mwezi kuanzia Oktoba hadi Februari, nusu ikiwa mchango wa mwezi na nusu malimbikizo. Katika utaratibu huo ombi litajadiliwa Machi. Ushauri wangu ni kuchagua njia ya pili endapo una shaka yoyote na ya kwanza, kwa kuwa mwezi mmoja ukikatika ndani ya mfululizo, hesabu ya miezi mitatu huanza upya.

Kwa hitaji lisiloweza kusubiri, upo mkopo wa dharura, ambao hauhitaji miezi mitatu mfululizo bali kufutwa kwa malimbikizo tu. Mkopo huo hauzidi akiba ya mwombaji isiyofungwa na dhamana. Kwa kuwa wewe ni mdhamini wa mwanachama mwenzako kwa shilingi 400,000, baada ya kulipa malimbikizo unaweza kuomba hadi shilingi 1,700,000. Dhamana hiyo inaendelea kukufunga kama kawaida, ila hutaweza kumdhamini mtu mwingine hadi utakaporudi kuwa mwanachama hai. Waarifu pia wadhamini wako watatu kwamba saini zao kwenye fomu yako zitadumu hadi kikao cha Machi. Baada ya hapo watalazimika kusaini upya.

Kwa kuwa makato ya mshahara hayapo tena, tunahitaji ujaze fomu ya kubadili njia ya kuchangia, iwe ni kwa mwajiri wako mpya, kwa agizo la kudumu la benki, au kwa simu. Ukichagua simu, andika namba 0417 kwenye sehemu ya kumbukumbu kila unapolipa. Ukimya ukiendelea hadi kufikia miezi kumi na miwili bila mchango, jina lako litapelekwa kwenye Bodi kuhusu hatima ya uanachama wako, hatua ambayo hatuoni sababu ya kuifikia.

Tunaomba utujulishe kwa maandishi njia uliyoichagua kabla ya tarehe 24 Oktoba 2025. Usiporidhika na hesabu au uamuzi huu, una haki ya kukata rufaa kwa Kamati ya Usimamizi ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua hii. Taarifa ya akaunti yako ya miezi kumi na miwili iliyopita imeambatishwa.

Wako katika ushirika,

Meneja
Kwa niaba ya Kamati ya Mikopo

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Jalada la Mwanachama Na. 0417