Makumbi ya Mama

Nimemuomba ruhusa kabla sijaandika.
Nikamwambia mama nataka kukuandikia shairi, akanyamaza kitambo, akasema
andika mikono, andika miguu, na meno yalokwisha ukitaka andika,
vyengine nisitiri.
Basi vyengine nimevisitiri, na wewe unosoma ukiona mstari umekatika ghafla jua hapo ipo kanga.

~

Asubuhi namkalisha uani kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya ua wa makuti,
maji nimechanganya ya moto na ya baridi mpaka kiwiko kikasema sawa,
mana kiwiko kanifundisha yeye nilipozaa wa kwanza, usitie kidole mwanangu, kidole kishazoea jiko, tia kiwiko.
Nachota kwa kata, namwaga begani.
Maji yanatuama kwenye mashimo ya mitulinga
kama yanavotuama kwenye mawe pale Jambiani bahari ikipwa, kidimbwi huku, kidimbwi huku,
afu yanateremka.
Ngozi ya mkono nikiivuta ili nipitishe sabuni inakuja yote,
nikiiachia hairudi hapo hapo, inasimama kama tuta la viazi,
inakaa,
afu polepole inakumbuka kwao.

Yeye anafumba macho. Jicho moja limeingia mtoto wa jicho, jeupe kama lulu ya chaza,
na bado ukipita kimya mlangoni anakwita kwa jina lako.

~

Mikono sasa, hii aloniruhusu.

Hii mikono imepiga makumbi tangu hajavunja ungo, na 1989 mwani ulipoingia kwetu ikafunga mwani pia, maji ya kiuno, jua la utosi, lakini makumbi hayakuachwa.
Kwa asojua ntamwambia.
Nazi ukishaifua, lile kumbi ni gumu kama ubao, ukilipiga hivo hivo utaumia bure na hutopata kitu,
kwa hivo unalipeleka pwani maji yakiwa yamekupwa, unachimba shimo kwenye tope, unalifukia, unaweka makuti juu na mawe juu ya makuti bahari isije ikalichukua, unarudi nyumbani.
Bahari inajaa inakupwa juu yake.
Miezi sita, saba, wengine wanaacha hata zaidi,
na kule chini linaoza, linaoza kweli, siku ya kufukua wageni wanaokaa mahotelini wanapita mbali wameziba pua.
Sie hatuzibi. Sie tunakaa kitako juu ya mchanga, jiwe mbele, rungu mkononi, tunapiga,
na kile kilichooza kinatoka na maji meusi, kinakwenda zake,
kumbe kilichooza ni ile nyama iliyokuwa imezibana nyuzi tu,
nyuzi zenyewe zipo, nzima, ndefu, laini, unaziosha zinang'ara,
usumba huo, unausokota juu ya paja inakuwa kamba inofunga ngalawa na bahari haiivunji.

Nilikuwa mtoto nikamuuliza, mama kwani haya hayajaharibika?
Akasema yameiva.
Neno hilo hilo la embe.

~

Walikuwa wakiimba, na wimbo wa mama ni wake mwenyewe kautunga, wenzake walimjua nao:

Kumbi halikuwa kamba, mpaka lilipooza,
chini ya mawe na mwamba, bahari 'kaligeuza,
sasa lafunga majumba, ngalawa lazituliza,

na mstari wa nne kausahau.
Anafika hapo anasimama, anatafuta kwenye ulimi, mkono unapiga hewani bila rungu, tap, tap,
mie nilikuwa siusikilizi enzi zile, nilikuwa nadhani mama na nyimbo zake wapo tu siku zote kama pwani ilivyo,
na wenzake walokuwa wakiujua walibaki wawili, mmoja hasikii na mmoja kahamia mjini kwa mwanawe kafariki huko.
Nimejaribu kuumalizia mwenyewe, vina sivishindwi, mba na za, mizani nane kwa nane,
lakini kila nilotunga ni wangu
na yeye anatikisa kichwa, sio, sio huo mwanangu, upo, utakuja.

~

Siku moja tumekwenda afisini tukachukue kitambulisho, nimempakata kwenye bodaboda mie nyuma yeye kati, tumefika wanataka alama ya kidole,
kidole kikawekwa, mashine haikuona kitu.
Cha pili. Cha tatu. Mkono wa kushoto.
Kijana akafuta kioo, akamfuta mama vidole kwa kitambaa, kwa adabu sikatai, shikamoo bibi, samahani bibi,
akaniangalia mie akasema dada bibi huyu hana alama.
Kamba imezila. Vile vimistari tunavozaliwa navyo, kila mtu vyake, kavisokota vyote akaviuza kwa mafundo,
kanisomesha skuli navyo, kaezeka bati navyo.
Ikabidi waandike kwa njia nyengine, sijui wamefanyaje, tumekaa mpaka adhuhuri.
Usiku huo nimevishika vile vidole kimoja kimoja gizani nikapitisha midomo,
laini, jamani, laini kama kisigino cha mtoto alokuwa hajatembea.

~

Meno yamekwisha, kinu kidogo kipo.
Baada ya alasiri namtwangia tambuu, jani, popoo, katu kidogo, chokaa ncha ya kisu, natwanga mpaka iwe rojo,
naitoa kwa kidole namtia mdomoni, fizi zinanibana kidole,
na hizi ndo fizi za mwanangu wa mwisho, nguvu ile ile, utamu ule ule wa kunibana.
Mate mekundu yakimtoka pembeni nayafuta kwa ncha ya kanga na yeye hukasirika, husema hebu niache mie sio mtoto,
afu magharibi ikiingia, taa haijawashwa, ananishika mkono ananiita mama.
Mara ya kwanza nilimsahihisha. Mama, mie mwanao.
Akanitazama kwa huzuni nyingi sana.
Sasa akiita mama naitika labeka.
Ananiuliza baba karudi baharini? Namwambia upepo mzuri leo, atarudi.
Mungu anisamehe kama uongo huo ni uongo.

~

Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, ya babu, ukuta wa upande wa bahari chumvi inautafuna, ukipitisha kiganja unarudi na unga.
Kuna mwaka tulipata pesa tukaukandika saruji, tukaona sasa tumeukomesha,
baada ya masika mbili saruji imebanduka na vipande vya jiwe juu yake, ndani kumelowa kama sponji.
Fundi mzee akaja akaugonga kwa kifundo cha kidole akasema mumeuziba pumzi, hili jiwe la matumbawe linavuta maji na linataka kuyatoa, chokaa inampisha, saruji inamfungia ndani na maji yake.
Nilimsikia fundi na nikamkumbuka mama kitandani.
Mana nilimtandikia mpira chini ya shuka ili godoro lisilowe, najiona nafanya usafi,
na jasho likakaa kati ya mpira na mgongo,
na hapo chini ya kiuno ngozi ikaanza kuwa nyekundu, afu nyeusi, afu ikafunguka.
Kidonda cha kulalia. Nakiandika hiki bila ruhusa, mama nisamehe, nakiandika kwa sababu ni kosa langu.

Nimeutoa mpira. Natandika kanga kuukuu zilooshwa mpaka zimelegea, napitisha mchana na usiku,
namgeuza kila baada ya saa mbili alivotwambia nesi, ubavu huu, ubavu ule, mto kati ya magoti,
saa sita, saa nane, saa kumi, adhana ya alfajiri inanikuta nimemkumbatia nusu nimemgeuza nusu tumesinzia.
Kidonda kilikuwa kinanuka, niseme kweli, harufu ile mie naijua,
harufu ya shimo la makumbi, na sikuziba pua.
Nakiosha kwa maji ya chumvi yalochemshwa na kupoa. Naangalia kingo zake kila siku kama mtu anoangalia mwezi wa Ramadhani,
na juzi, pembeni, nimeona nyama changa ya waridi.
Miaka 80 na kitu huo mwili, unatoa nyama mpya.
Nimelia mie nesi akadhani nimepata habari mbaya.

~

Alikuwa kungwi. Mabi harusi wangapi wa mtaa huu kawasugua singo yeye, asumini, waridi, liwa, karafuu za kusaga,
siku saba msichana yumo ndani mama anamsugua mpaka ngozi inang'ara kama kikombe,
na anasema nao kwa sauti ya chini maneno ambayo mpaka leo hakuna hata mmoja alosema alichoambiwa.
Ijumaa ilopita nimemsagia yeye.
Nimesaga kila kitu laini zaidi ya anavosaga, mana ngozi yake saa hizi inachanika kwa ukucha,
nimepaka mabega, nimepaka ndimi za viwiko zilokauka kama magome ya mwembe, nimepaka miguu, nyayo zilopasuka na kupona na kupasuka,
nimesugua hivi tu, kama unafuta vumbi la kipepeo.
Na vyengine nimepaka pia.
Akanusa mkono wake. Akacheka bila meno.
Naolewa na nani?

~

Kabla hajaanguka alikuwa na shimo lake kule pwani, kalifukia mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna alolifukua,
nimehesabu, mwaka sasa na zaidi.
Bamvua ya mwezi huu maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, nikamuachia dada nikachukua jembe,
nikatafuta mawe yake, anayapanga kwa duara, kubwa kwa dogo, nikayajua.
Nimefukua. Harufu imenipanda mpaka machoni.
Nilidhani ntakuta tope tupu, mwaka mzima na zaidi, nani kaacha makumbi mwaka mzima,
nimeshika la kwanza limeachia vidoleni bila kupigwa, nyama imekwenda yote,
nyuzi zimebaki zimelala pamoja kama nywele za mtu alolala.
Nimejaza pakacha moja nikaja nalo mbio, maji meusi yanachuruzika mgongoni, watoto wanakimbia mbele yangu wanasema unanuka shangazi unanuka,
nikaingia nalo mpaka chumbani.

Mama alikuwa kalala ubavu wa ukutani. Pua ikacheza.
Akafungua jicho moja, lile zima.
Nikamtia kumbi kiganjani na vidole visokuwa na alama vikalifunga, vikalijua, vikaanza kutenganisha nyuzi peke yao,
nikachukua rungu nikaweka jiwe sakafuni nikakaa kitako miguu nje kama alivonifundisha nikapiga moja
na yeye akaninyooshea mkono, akanishika kifundo.

Taratibu mwanangu, akasema. Hilo lishaiva.