Utambulisho wa Fundi Rehema, Jumamosi saa nane mchana, shifti zote

Haya jamani sogeeni mbele huku, msijazane mlangoni kama abiria wanaoogopa kupitishwa kituo. Viti vipo, si tunavitengeneza wenyewe? Watu wa stoo na nyie njooni, foklifti iacheni hapohapo, shusha meno yaguse sakafu, zima, chomoa ufunguo uje nao, asante, maana leo kuna mtu hapa anaona vitu kama hivyo hata akiwa amekupa mgongo.

Shikamooni wazee wangu wa moldi. Vijana mambo. Na nyie wa usiku mliotoka saa moja asubuhi mkalala masaa manne mkarudi tena, poleni sana, macho yenu nayaona.

Sasa tusidanganyane. Najua mnawaza nini, kwanza kwa sababu nimo kwenye lile grupu la shifti, nadhani mmesahau kama nimo. Tangazo limetoka Jumatano jioni, meseji ya kwanza kabisa "semina tena?", ya pili "kuna posho?", ya tatu mtu kaweka picha ya mto wa kulalia. Naanza na la posho: hakuna. Soda zipo, kreti sita, nimezihesabu mwenyewe, na atakayechoropoka kabla ya mwisho soda yake nainywa mimi, tena mbele yake Jumatatu.

Kuhusu mto wa kulalia sina cha kumlaumu mtu. Mafunzo ya mwaka jana nilikuwepo, nilikaa pale karibu na feni, yule bwana alikuja na projekta na slaidi zake za Kizungu, akawa anatusomea kifungu kwa kifungu, saa nane mchana hivihivi, watu wametoka kula wali maharage, ndani humu joto mnalijua. Mi nilisinzia. Nilikuja kushtuliwa na makofi nikapiga na mimi kwa nguvu kuliko wote, nikaenda kusaini daftari la mahudhurio. Ukiniuliza leo alifundisha nini nakumbuka kitu kimoja tu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, na hiyo naikumbuka kwa sababu ilikuwa slaidi ya kwanza nikiwa bado macho. Kwahiyo nilipoambiwa na ofisi kwamba nimtambulishe mwalimu mwingine nikasema sawa, kimoyomoyo nikajisemea haya, tunaenda kulala tena.

Sasa sikilizeni kilichotokea juzi Alhamisi.

Wa usiku nyie mtanisaidia kama naongopa. Saa kumi na moja alfajiri pale getini kwa mama chapati alikuwepo dada mmoja amejifunga kanga, anakunywa chai taratibu, hana haraka, nyie mnatoka kupumzika dakika kumi zenu mnakaa pembeni yake mnapiga stori. Mkadhani ni ndugu yake mama chapati. Mmoja wenu, simtaji, akamwomba amsogezee sukari. Mkaongea weee, mashine namba 4 inavyotema plastiki, glavu zilivyoisha tangu mwezi uliopita, nani aliungua mkono akafunga na kitambaa akaendelea na kazi kwa kuogopa kuandikwa. Yule dada ametulia tu anachovya chapati.

Saa moja kamili naingia zangu nakuta yule yule dada getini, kanga imekunjwa ipo kwenye begi, amevaa ovaroli na mabuti yake mwenyewe, mabuti yamechakaa mbele mpaka kile chuma cha vidoleni kinachungulia. Nikajitambulisha, mimi supavaiza, karibu ofisini tupate chai. Akanijibu chai nimeshakunywa kaka, nipeleke kwenye krasha.

Hata salamu za meneja hajafika. Krasha.

Tukaenda mpaka krasha namba 2. Akamsalimia opereta vizuri, shikamoo baba, marahaba, hali ya kazi, afu akauliza swali moja, likikwama na mabeseni mabovu huwa mnafanyaje. Opereta akaniangalia mimi. Mnajua ule mwangalio. Mi ndo nikajibu haraka haraka, tunazima, tunafungua, tunatoa, tunafunga. Akasema sawa. Akanyoosha mkono nyuma ya mashine akatoa ule mpini wa ufagio, mnaujua wote, umeng'atwa huku mwisho kama mua. Akaugeuza geuza, akaniuliza kwa upole kabisa, na kabla hamjapata huu mpini mlikuwa mnatumia nini?

Ndugu zangu mi nina miaka kumi na moja kwenye kiwanda hiki, sijawahi kukosa jibu mbele ya mgeni. Siku hiyo nilikosa.

Hajaishia hapo. Akaomba krasha lizimwe, akatoa simu akaweka saa ya kuhesabu sekunde, tukasimama. Muungurumo ukaisha, opereta akanyoosha mkono kwenye kishikio cha mlango kama tunavyofanya siku zote, dada akasema subiri baba. Tukasubiri. Mlio umekwisha lakini ukiweka kiganja kwenye bodi unasikia kitu bado kinazunguka ndani, lile gurudumu zito bado lina nguvu zake na visu vinaenda nalo. Zilikuwa sekunde ngapi siwaambii, hilo ni lake, atawauliza na mtabishana, nawajua. Ila kila mtu aanze kufikiria namba yake sasa hivi, halafu ajiulize huwa anafungua mlango ikiwa imefika ngapi.

Na swichi ya mlango aliiona. Ile inayotakiwa kuzima krasha ukifungua, imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli isifanye kazi. Aliitazama akanitazama, hakusema neno. Nitasema mimi basi, kwa sababu humu ndani kuna watu wanajua na wamenistahi: nimeifunga mimi. Mwezi wa tatu, ile oda ya mabeseni, krasha lilikuwa linajizima zima tukawa tunachelewa, nikachukua tyubu nikafunga kwa mikono yangu hii nikasema kesho nitaitoa. Sasa hivi tunaelekea mwezi wa tisa. Nimeitoa juzi.

Kwahiyo huyu ndo mgeni wetu. Anaitwa Rehema, sisi tutamwita Fundi Rehema maana ndo anavyopenda, ukimwita madamu hageuki. Amesoma ufundi mitambo pale VETA Chang'ombe, afu akakaa kwenye viwanda vya plastiki miaka tisa, alianza kwenye kukata vikia vya chupa kama dada zetu wa paketi, akaja kuwa opereta, akaja kuwa fundi wa kubadilisha moldi. Hakujifunza mambo haya hotelini. Anajua plastiki ikitoka kwenye pua ya mashine ina nyuzi joto zaidi ya 200, na anajua ikikurukia ngozini kitu cha kwanza kila mtu anachofanya ni kuibandua, na ndo kosa lenyewe, unabandua pamoja na ngozi, inatakiwa uimwagilie maji ya bomba kwanza hukohuko ilikoganda. Hilo nimelidokoa kidogo, Fundi unisamehe, lakini wiki iliyopita tu kuna mtu hapa kabandua.

Kingine ili msiwe na wasiwasi, yeye sio OSHA. Najua kuna aliyeuliza pale paketi OSHA wakija wanakuja kuosha mashine au kutuosha sisi. Hajaja kukagua, hana kitabu cha faini, na hakuna jina la mtu litakalopelekwa ofisini. Hili nimeliomba mwenyewe na meneja kakubali, yule pale amekaa nyuma karibu na mtungi wa maji, bosi nyanyua mkono wakuone. Haya. Ukisema leo kwamba mlango wa nyuma una mnyororo na ufunguo anao mlinzi ambaye saa nyingine yuko kantini, hutaitwa na mtu. Ukisema kizimamoto cha upande wa rangi kimezibwa na viroba vya malighafi, hutaitwa. Mi mwenyewe nimeshasema ya tyubu na bado nina kazi, sijui Jumatatu.

Nilimuuliza Fundi Rehema kwa nini ameanzia kwa mama chapati badala ya ofisini kama wenzake. Akanitajia Rana Plaza, lile jengo la viwanda vya nguo kule Bangladesh lililoanguka Aprili 2013 likaua watu zaidi ya 1,100. Akasema kaka, nyufa zilionekana jana yake. Wafanyakazi waliziona, watu wakatolewa nje, na asubuhi yake wale wa viwanda vya nguo wakarudishwa ndani kazini. Akasema anayekaa na kitu masaa kumi na mbili ndo anayejua kinavyougua, mi nikianza ofisini nitaambiwa kila kitu kizima.

Sasa utaratibu. Hakuna projekta, msiitafute. Tutakaa hapa dakika ishirini hivi, halafu tunanyanyuka wote mpaka krasha namba 2, umeme nimeshakata na fundi umeme amesimama pale, na kuna kufuli mtapewa, kufuli jipya kabisa kwa kila anayegusa mashine ikikwama, ufunguo mmoja, unakaa mfukoni mwako wewe na sio kwangu wala kwa meneja. Kazi yake atawaonesha mwenyewe. Mkitaka kumkatiza mkatizeni, kaniambia akiongea dakika tano hajabishiwa anajua amekosea mahali. Wazee wa moldi hapa natarajia mfanye kazi yenu, nyie kubisha hamjambo.

Simu naomba zikae kimya, isipokuwa dada yetu wa paketi mwenye mtoto mgonjwa, wewe acha yako wazi.

Na yule aliyeomba asogezewe sukari, kaa hapa mbele, Fundi anakukumbuka.

Haya jamani makofi, ya kweli sio yale yangu ya mwaka jana. Fundi Rehema karibu. Kipaza sauti hiki ukikishika juu kinakoroma, kishike huku chini.